Sarafu thabiti isiyo na dola nyuma yake: kisa cha UST

Swali: Nalipwa kazi zangu za mtandaoni kwa USDT na huziacha humo humo, maana naambiwa ni sawa na kuweka dola. Lakini kaka yangu alikuwa na UST mwaka 2022, nayo tuliambiwa ni dola, ikayeyuka ndani ya wiki moja. Ni nini hasa hushikilia bei isiyumbe, na ile ya kaka ilikwama wapi?

Jibu: Tuanze na M-Pesa, maana unaijua. Shilingi za kwenye simu yako zina thamani kwa sababu kiasi kama hicho kimewekwa benki kwenye akaunti ya amana, na wakala atakupa noti ukienda kutoa. USDT imejengwa kwa wazo hilo hilo: kampuni ya Tether hupokea dola moja, hutoa sarafu moja, na huahidi kuipokea tena kwa dola moja. Bei inalazimika kutulia kwa sababu sarafu hizi ni za kulipana na za kupumzishia pesa. Nani akubali mshahara wa bitkoini Jumatatu, halafu Ijumaa akute sehemu yake imeliwa na soko?

Sokoni, hata hivyo, bei haishikwi kwa ahadi. Inashikwa na watu wanaotafuta faida. Sarafu ikishuka hadi senti 99, mwenye mtaji hununua milioni moja kwa dola 990,000, huzirudisha kwa kampuni na kupewa dola 1,000,000. Kununua huko ndiko kunakoipandisha bei tena. Kwa Tether mlango huo wa kurudisha sarafu unaanzia dola 100,000. Mimi na wewe tunauziana sokoni, tukitegemea wakubwa waendelee kuutumia.

UST nayo ilikuwa na mlango, ila nyuma yake hapakuwa na dola. Ukirudisha UST moja, mfumo wa Terra uliiteketeza na kukupa LUNA, sarafu dada yake, zenye thamani ya dola moja. LUNA hizo zilitengenezwa papo hapo. Mwanzoni mwa Mei 2022 LUNA ilikuwa karibu dola 80, kwa hiyo UST milioni moja zilizaa LUNA 12,500 tu, soko likazimeza bila shida. Watu walivutwa na Anchor, huduma ya akiba ndani ya Terra iliyolipa riba ya karibu asilimia 20 kwa mwaka. Nadhani kaka yako aliingilia hapo. Wengi waliingilia hapo.

Tarehe 7 Mei kiasi kikubwa cha UST kilitolewa Anchor na kuuzwa, bei ikateleza kidogo chini ya dola. Waliostuka wakabadilisha UST kuwa LUNA na kuziuza mara moja. LUNA ikashuka, na hapo hesabu ikageuka. LUNA ikiwa dola 1, UST milioni moja huzaa LUNA milioni moja. Ikiwa senti moja, huzaa milioni mia. Kila anayetoroka anamwaga LUNA zaidi sokoni, bei inazidi kuanguka, na anayefuata anahitaji nyingi zaidi ili afidiwe dola ile ile. LUNA zilikuwa milioni mia kadhaa. Ndani ya siku chache zikafika trilioni 6.5, kila moja ikiwa haifiki hata senti.

Dalili ilionekana mapema kwa aliyejua pa kutazama. Kulikuwa na UST za takriban dola bilioni 18, na tarehe 9 Mei thamani ya LUNA zote kwa pamoja ikaporomoka chini ya deni hilo. Kuanzia hapo dhamana haikutosha hata kwenye karatasi. Taasisi iliyokuwa nyuma ya mradi ilikuwa na akiba ya bitkoini takriban 80,000. Karibu zote zilitumika, na bei haikurudi.

Linganisha na USDC, sarafu nyingine thabiti yenye dola nyuma yake. Machi 2023 benki ya Silicon Valley ilianguka ikiwa na dola bilioni 3.3 za akiba ya sarafu hiyo, na bei ikashuka hadi karibu senti 88. Jumapili serikali ya Marekani ikatangaza kwamba wateja watalipwa amana zao zote, na Jumatatu bei ikarudi. Zile zilikuwa dola za kweli zilizokwama, basi zilipokwamuka, hofu ikaisha.

USDT yako iko upande huo wa pili, na sehemu kubwa ya akiba yake ni hati za muda mfupi za serikali ya Marekani. Lakini historia yake si safi. Mwaka 2021 mamlaka ya Marekani inayosimamia biashara ya mikataba ya baadaye iliitoza Tether faini ya dola milioni 41, baada ya kubaini kwamba kati ya 2016 na 2018 akiba ilitosha kwa asilimia 27.6 tu ya siku zilizochunguzwa. Mimi ningeacha humo pesa ya mwezi huu, na ya ada ya watoto ningeitoa.