Waifai imejaa lakini ina alama ya mshangao

"Wakuu, simu yangu inaonyesha waifai imejaa kabisa lakini kuna alama ya mshangao pembeni, na intaneti haifunguki. Simu ya mke wangu iko kwenye waifai hiyo hiyo na haina shida. Hizi alama za juu zinasema nini hasa?"

Mkuu, hapo una taarifa mbili tofauti. Mapinde ya waifai yanapima nguvu ya mawimbi kati ya simu yako na ruta, basi. Yaliyo nyuma ya ruta hayayajui, ndiyo maana ruta hata ikikatiwa intaneti mapinde hubaki yamejaa. Anayezungumzia intaneti yenyewe ni huo mshangao.

Kwenye Android uko hivi. Simu ikishaunganishwa na mtandao hutuma ombi dogo la majaribio, na anwani ya kawaida ni hii:

```
http://connectivitycheck.gstatic.com/generate_204
```

Inasubiri jibu namba 204, jibu tupu lisilo na ukurasa wowote. Likifika, alama inakuwa safi. Lisipofika, mshangao unakaa. Kukija ukurasa badala yake, kama zile waifai zinazokutaka ujisajili kwanza, unapata ujumbe wa "Sign in to network", na ukimaliza kujisajili mshangao unaondoka wenyewe.

Jaribio hilo hilo hufanywa pia kwa njia salama, yaani https, na hapo ndipo niliposumbuka mimi. Nilikuwa na simu iliyoisha chaji ikakaa kabatini muda mrefu, haina laini. Siku naiwasha: waifai imejaa, mshangao pembeni. Nikazima ruta na kuiwasha, nikafuta mtandao nikaingiza nywila upya, karibu saa nzima imeniishia, na simu nyingine mezani zinafanya kazi vizuri. Mwishowe jicho likaangukia saa, kwenye mstari ule ule wa juu. Ilisema saa 9 usiku, na nje jua linawaka. Kuangalia tarehe, simu ilikuwa bado iko 2019.

Sababu yake ni kwamba kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha kutumika. Simu inayoamini ni 2019 inakiona cheti cha leo kama hakijaanza kazi, inakikataa, na jaribio linafeli ingawa intaneti ipo. Yangu ilikuwa imezimwa kujirekebisha saa, na bila laini isingeweza kupata saa kutoka mnarani. Niliingia kwenye mipangilio ya tarehe, nikaweka siku na saa sahihi kwa mkono, nikazima waifai na kuiwasha. Sekunde chache tu mshangao ukapotea.

Kwa hiyo anza na saa yako, na usiishie kwenye dakika: fungua uone mwaka. Kama iko sawa, tafuta "Private DNS" kwenye mipangilio ya mtandao. Ikiwa kuna jina la seva liliandikwa pale na seva hiyo haipatikani, simu yako peke yake ndiyo itakwama, za wenzako zitaendelea. Irudishe kwenye "Automatic". Zote mbili zikiwa sawa, ingia kwenye ruta uangalie kama simu yako haijazuiwa humo. Ingekuwa simu zote za nyumbani zina mshangao, ningekwambia achana na simu, shida iko kwenye ruta au bando limekwisha.

Ukitoka kwenye waifai ukatumia data, mantiki ni ile ile. Vijiti vinaonyesha umeupata mnara kwa nguvu kiasi gani. Herufi za pembeni zinasema unatumia njia gani. Vijiti vinne vyenye E, ile ya kizazi cha 2, vitakuchosha kupakia picha, wakati vijiti viwili vyenye 4G vinaweza kwenda vizuri tu. H na H+ ziko katikati, ni za kizazi cha 3. Na hata 4G yenye vijiti vyote inaweza kuwa nzito ikiwa watu wengi wamejazana kwenye mnara mmoja, kwa kuwa msongamano hauna alama yake pale juu.

Kuna jambo moja huwatisha watu bure: unapiga simu, 4G inageuka H au E. Simu haijaharibika. Pale ambapo simu au laini haipitishi sauti juu ya 4G, inashuka kwenye mtandao wa zamani ili uongee, na ikishuka hadi E, data kwa kawaida husimama mpaka ukate. Ukishakata, subiri kidogo 4G irudi. Ikigoma kurudi, washa hali ya ndege kwa sekunde 10 kisha uizime, simu itatafuta mnara upya.