Damu kwenye mkojo ikikoma yenyewe, bado mpime

Dada mmoja ameniandikia wiki hii kuhusu mume wake. Bwana ana miaka 56. Aliamka, akaenda msalani, mkojo ukatoka mwekundu. Hana maumivu, hana homa, wala haendi haja ndogo mara kwa mara. Walipofika kituo cha afya waliambiwa ni UTI, wakapewa vidonge, na kesho yake mkojo ukawa safi. "Kaka, sasa anasema amepona, hataki kurudi. Nimwache?"

Dada yangu, usimwache. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, na mpaka leo yananiuma.

Mimi pia sikuwa na maumivu yoyote. Mkojo ulikuwa mwekundu kuanzia tone la kwanza hadi la mwisho, ukakaa hivyo siku nzima, kisha ukarudi rangi yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikapewa antibayotiki. Damu iliporudi nikaongezewa nyingine kali zaidi, na nilipouliza mkojo wangu umeoteshwa lini maabara kutafuta bakteria, niliangaliwa kama msumbufu. Niliomba nioneshwe majibu. Kijiti cha kupimia mkojo kilionesha damu nyingi, lakini alama za chembe nyeupe na za bakteria hazikuwepo. Maana yake nilikuwa natibiwa maambukizi ambayo hakuna kipimo kilichoyaona.

Kilichonikera zaidi ni hiki: kila damu ilipokoma, dawa ndiyo iliyosifiwa. Kumbe uvimbe wa kwenye kibofu huvuja damu kwa vipindi. Huvuja leo, ukatulia wiki au miezi, halafu ukavuja tena, umekunywa dawa au hukunywa. Kwa hiyo kukoma kwa damu hakuthibitishi kitu. Maambukizi huthibitishwa kwa kuotesha mkojo kabla ya kuanza dawa, kisha kuupima tena baada ya kumaliza dozi. Kama hakuna bakteria walioota, au walitibiwa na damu bado ipo, basi chanzo ni kingine na kinatakiwa kutafutwa. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unataka mtu wa miaka 45 na zaidi mwenye damu ya kuonekana kwa macho, isiyoelezwa na maambukizi, apelekwe haraka kuchunguzwa saratani ya kibofu au ya figo. Damu ya mara moja tu inatosha.

Nilihamia kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo, mzee mpole, na kabla ya kuandika kipimo chochote aliniuliza maswali. Damu inakuja mwanzoni mwa mkojo, mwishoni, au mwanzo hadi mwisho? Ikija mwanzoni tu, mara nyingi inatoka kwenye mrija wa nje. Ikija mwishoni, hufikiriwa shingo ya kibofu au tezi dume. Ikiwa mkojo wote ni mwekundu, chanzo kiko kibofuni au juu zaidi. Kuna mabonge? Mabonge humwondoa daktari kwenye ugonjwa wa vichujio vya figo, kwa sababu huko damu hutoka imechanganyika na haigandi. Mkojo wake huwa wa kahawia kama chai ya rangi, una protini, na mara nyingi uso au miguu huvimba na presha hupanda. Mgonjwa wa namna hiyo njia yake ni daktari wa figo.

Aliuliza kama nimeumwa ubavu kwa maumivu makali yanayoshuka kwenye kinena, maana hiyo ni sura ya jiwe. Aliuliza kama nimewahi kuoga au kufanya kazi kwenye maji yenye konokono wa kichocho. Kichocho cha mkojo hupimwa kwa kutafuta mayai kwenye mkojo wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwani ndipo mayai hutoka kwa wingi, na mtu akitembea au kukimbia kidogo kwanza ni vizuri zaidi. Lakini alinionya: kichocho cha miaka mingi chenyewe huleta saratani ya kibofu, kwa hiyo kwa mtu mzima kuona mayai hakufungi uchunguzi. Mwisho akauliza sigara. Nilivuta miaka mingi. Akaandika hilo kwa herufi kubwa, kwa sababu sumu za moshi huchujwa na figo na kukaa kibofuni saa nyingi zikigusa ukuta wake.

Alinipima damu kuona wingi wake, na kreatinini kujua kama figo zitahimili dawa ya kung'arisha picha ya CT. Mkojo ulioteshwa, haukuota kitu. Ultrasaundi ilisema figo nzima, kibofu kizima. Nikafurahi, nikataka kuondoka. Mzee akasema ultrasaundi huona vizuri uvimbe mkubwa wa figo na figo iliyojaa maji, lakini uvimbe mdogo au wa bapa kwenye ukuta wa kibofu huupita. CT yenye dawa huangalia figo na mirija inayoshuka kwenda kibofuni. Kibofu chenyewe lazima kitazamwe kwa kamera, yaani sistoskopi.

Wanaume wengi hukimbia hapo, kwa hiyo nitaeleza ilivyokuwa. Nililala chali, nikawekewa jeli ya ganzi kwenye njia ya mkojo, tukasubiri ifanye kazi. Mrija ni mwembamba na unapinda. Penye tezi dume nilihisi msukumo na hamu kali ya kukojoa, basi. Skrini ilikuwa mbele yangu. Ukuta wa kibofu ulikuwa wa waridi, laini, wenye mishipa midogo, hadi kamera ilipogeuka upande wa kushoto: kinyama kidogo chenye vinyweleo vyekundu vikicheza ndani ya maji. Ultrasaundi haikukiona.

Kilikwanguliwa kupitia njia hiyo hiyo, nikiwa nimechomwa ganzi ya mgongo, na daktari alihakikisha amechukua na kipande cha msuli ulio chini yake. Bila msuli huo maabara haiwezi kusema kama saratani imezama. Yangu ilikuwa bado kwenye utando wa juu. Kamera ilirudiwa baada ya miezi 3, na narudi mpaka sasa, kwani ugonjwa huu hupenda kuota tena. Nasema kwa fahari kwamba nimebaki na kibofu changu kwa sababu niligoma kuondoka na vidonge tu.

Kwa hiyo dada, mrudishe bwana hata kama mkojo ni mweupe kabisa. Kama anatumia warfarini au aspirini, msikubali kuambiwa ni dawa tu. Dawa hizo hurahisisha damu kutoka, lakini aghalabu kuna kidonda au uvimbe unaovuja, na anatakiwa kuchunguzwa kama wengine. Wala asiziache mwenyewe bila daktari wake. Kama anatumia rifampisini au alikula bitiruti, kijiti na hadubini vitaonesha kama ni rangi tu. Akipimwa PSA ya tezi dume wakati ana maambukizi, namba inaweza kupanda bure, hivyo hurudiwa baada ya wiki kadhaa. Muulize daktari mambo matatu: mkojo umeoteshwa, figo na mirija vimepigwa picha gani, na kamera ni lini.

Na akianza kutoa mabonge, kisha mkojo ukaziba na tumbo la chini likajaa na kuuma, msisubiri miadi. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana, awekewe mpira mnene na kibofu kisafishwe mabonge.