Ukuta wa mawe meusi unaimeza nyumba kwenye picha

*"Habari zenu wote. Nachora nyumba ya mteja hapa Goma, mtaa wa Himbi, kwa kutumia Blender. Nyumba haina ghorofa, ukuta wa parseli ni wa mawe ya volkano, mita 2.5, na geti ni la chuma. Nikiweka kamera barabarani naona ukuta tu na kipande cha bati. Nikiushusha ukuta ili nyumba ionekane, mteja anasema huo si ukuta wake. Wenzangu mnafanyaje?"*

Ndugu, mteja wako ana haki. Usiushushe ukuta. Hiyo picha ndiyo atakayomwonyesha fundi, na pengine ndiyo itakayobandikwa kwenye faili la kuombea ruhusa ya kujenga. Mita 2.5 zibaki mita 2.5. Nami nachora nyumba hapa Goma, na karibu kila parseli ninayopewa ina ukuta wa namna hiyo. Dawa nimeipata kwenye kamera kwanza, halafu kwenye rangi ya mawe, na mwisho kwenye saa ya jua. Ukianza na rangi kabla ya kamera utapoteza usiku mzima.

Kabla ya kurenda chochote, piga hesabu ya mstari wa jicho. Mstari huo unatoka kwenye kamera, unagusa ncha ya juu ya ukuta, kisha unaendelea hadi kwenye uso wa nyumba. Sehemu yote ya nyumba iliyo chini yake haionekani.

```
y = h + (H - h) * (d + s) / d
```

Hapo h ni urefu wa kamera kutoka chini, H ni urefu wa ukuta, d ni umbali kutoka kamera hadi ukuta, na s ni umbali kutoka ukuta hadi nyumba. Hukutaja s, kwa hiyo nitachukulia mita 6, na uso wa nyumba upana wa mita 12. Kamera ikiwa kwenye jicho la mtu aliyesimama, mita 1.6, na umbali wa mita 8 kutoka ukutani, y inakuwa kama mita 3.2. Nyumba isiyo na ghorofa ukuta wake unaishia karibu na mita 3, kwa hiyo madirisha na mlango vyote vimezikwa na bati peke yake ndilo linalobaki.

Wengi wakiona hivyo wanarudisha kamera nyuma. Inasaidia kidogo tu. Ukirudi hadi mita 16, y inashuka hadi mita 2.8. Na hata ukiipeleka kamera katikati ya Ziwa Kivu, y haitashuka chini ya 2.5, kwa sababu kamera iliyo chini ya ncha ya ukuta haiwezi kuona chochote nyuma yake kilicho kifupi kuliko ukuta wenyewe. Basi acha kuhangaika na lenzi. Kutoka barabarani zipo njia mbili tu: kupita juu ya ukuta au kupita kwenye geti.

Tuanze na juu. Pandisha kamera hadi mita 4.5, kama vile mtu anatazama kutoka ghorofa ya kwanza ya jirani wa ng'ambo, na ubaki mita 8 kutoka ukutani. Sasa y ni mita 1 tu. Mlango unaonekana kuanzia kwenye kitasa, na madirisha yanaonekana yote. Hapa mambo yanageuka: kamera ikiwa juu ya ncha ya ukuta, kurudi nyuma kunaharibu. Ukirudi hadi mita 12, y inapanda hadi 1.5 na ukuta unaanza kula madirisha kwa chini.

Kamera iache sawa kabisa, usiiinamishe, ili kuta na nguzo zisimame wima. Kwa lenzi ya 28 mm na picha ya 16:9, sehemu ya chini ya fremu inaukata ukuta yenyewe, ukuta unabaki ukanda wa kama asilimia 15 ya kimo cha picha, na nyumba inachukua kama asilimia 44 ikiwa kilele cha paa kiko kwenye mita 5.5. Ubaya wake ni kwamba geti nalo linakatwa, utaona sentimita 90 za juu tu. Ukitaka geti lionekane zaidi, usiinamishe kamera, bali weka `Shift Y` kwenye `-0.1`. Ukanda wa ukuta utakua hadi theluthi ya picha, na mimi hapo ndipo ninaposimama. Ukizidisha, jicho linaanza kuhesabu mawe.

Njia ya pili naipenda zaidi, na ndiyo ninayoiweka ukurasa wa kwanza. Fungua geti. Panga kamera kwenye mstari wa katikati ya geti, kimo cha mita 1.6, umbali wa mita 5. Tuseme geti lako lina mita 4. Kupitia uwazi huo utaona mita 8.8 za uso wa nyumba, kwa sababu uwazi unapanuka kadiri macho yanavyoingia ndani (4 × 11 / 5). Kwa lenzi ileile ya 28 mm, upana wa fremu pale kwenye geti ni mita 6.4. Toa 4 za geti, unabaki na mita 1.2 za mawe meusi kila upande. Hapo ukuta unaibeba nyumba kama fremu ya mbao inavyobeba picha, na mteja anaona ukuta wake wa mita 2.5 bila kupunguzwa hata sentimita. Paa likigusa ukingo wa juu, `Shift Y` ya `0.05` inatosha kulipa hewa.

Mabawa ya geti yafunguke kwa ndani na yapite digrii 90 hadi karibu 112, yafuate mstari wa jicho, ili uyaone kwa unene wake. Bawa lililofunguliwa nusu ni bati kubwa linalong'aa katikati ya picha. Na ukisogea hadi mita 3 kutoka getini kwa lenzi pana, utaona nyumba yote, lakini mawe ya pembeni yatavutika. Mita 5 zinanitosha.

Nyongeza kwa watu wa Goma: pima kwanza kimo cha parseli dhidi ya barabara. Mahali lava ya 2002 ilipopita, barabara na viwanja haviko kimo kimoja. Nyumba ikiwa sentimita 80 juu ya barabara, zile y zote unazisoma ukitoa 0.8, na picha ya juu ya ukuta inakuwa nyepesi zaidi. Ikiwa chini ya barabara, sahau njia ya kwanza hadi upandishe kamera tena.

Sasa mawe. Watu wanadhani weusi wa ukuta ndio unaoimeza nyumba. Hapana, jicho hukimbilia palipo na mwanga na palipo na tofauti kali ya rangi. Nyumba ya rangi ya maziwa nyuma ya ukuta mweusi tayari imeshinda. Kinachoiba jicho ni mistari ya saruji kati ya mawe: ukiipaka nyeupe kabisa unapata wavu mkubwa mbele ya nyumba. Kwenye `Base Color`, mawe yapewe thamani ya karibu 0.05 hadi 0.08, saruji ya kawaida kama 0.25. Usiweke mawe kwenye 0, yatakuwa shimo lisilo na umbo, na mteja atakuuliza kama umepaka ukuta lami. Ikiwa yeye mwenyewe ameamua mistari ipakwe nyeupe, basi ichore nyeupe, na ukitegemee kivuli, nitakieleza.

Angalia pia ukubwa wa jiwe. Picha ya mawe unayoibandika lazima ilingane na mawe halisi, kama sentimita 20 hadi 40. Mawe ya mita nzima yanaufanya ukuta uonekane kibaraza kifupi, na nyumba inaonekana ya wanasesere. Hesabu safu kutoka chini hadi juu: kwa mita 2.5 ukipata safu nne tu, umekosea kipimo.

Kuhusu jua, ukuta na uso wa nyumba vinatazama upande mmoja, kwa hiyo jua linalomulika nyumba linamulika na ukuta. Huwezi kuvitenganisha kwa kuzungusha jua. Unavitenganisha kwa kivuli cha kitu kingine. Kama geti linatazama mashariki, chukua saa mbili asubuhi, kama linatazama magharibi, saa kumi alasiri. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, na saa hizo jua linakuwa karibu digrii 30 juu ya upeo. Kivuli cha ukuta wa mita 2.5 kinaingia uani mita 4.3, hakifiki kwenye nyumba iliyo mita 6 ndani. Saa moja asubuhi jua liko digrii 15, kivuli kinafika mita 9 na kuipanda nyumba. Ukiona mstari wa giza chini ya madirisha na hujui umetoka wapi, ndio huo.

Halafu mti. Mparachichi wa mita 5 ulio barabarani, mita 4 mbele ya ukuta na nje ya fremu, kwa jua hilo la digrii 30 unatupa kivuli kinachofika mita 2.7 juu ya ukuta. Pale kinapopita, ukuta unaingia kivulini kutoka chini hadi juu, mistari nyeupe inanyamaza, na kivuli kinaishia uani bila kuigusa nyumba. Lakini uwe mti uliopo kweli, au unaoweza kupandwa pale. Nyumba inayotazama ziwa, yaani kusini, ina shida nyingine: mchana jua linaipiga karibu wima. Mimi hapo natumia mwanga wa mawingu, na kwa Goma hakuna atakayeshangaa.

Imebaki seng'enge. Kwa picha ya pikseli 1920 kutoka mita 8, mita moja ya ukuta ni kama pikseli 187, kwa hiyo waya wa milimita 2.5 haufiki hata nusu pikseli. Utaukuta umekatikakatika kama uzi mbovu, na mikatiko hiyo inavuta jicho kuliko waya wenyewe. Ongeza unene hadi milimita 6, upe kijivu kinachokaribia anga iliyo nyuma yake, na chora nyuzi zilezile ambazo mteja atafunga. Chukudu getini weka ukipenda, ila isiwe katikati ya uwazi, maana mteja ataanza kuuliza ya nani.

Tuma picha ya geti ukishairenda, pamoja na kipimo cha s na kimo cha barabara.