Fundi, isome hataza kabla hujaiogopa

Mafundi wengi wa karakana za Gerezani na Vingunguti, hapa Dar es Salaam, wanaijua nusu moja tu ya hataza, ile inayosema "usiguse". Nusu ya pili hawajaambiwa, na ndiyo yenye manufaa makubwa kwao. Hataza ni mapatano. Dola humpa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine kutengeneza na kuuza uvumbuzi wake kwa muda fulani. Yeye naye anatakiwa aeleze hadharani, kwa maandishi na michoro, jinsi kitu chake kinavyofanya kazi, kiasi kwamba fundi anayeijua kazi hiyo akisoma aweze kukitengeneza. Asipoeleza vya kutosha, ombi lake linaweza kukataliwa. Kwa hiyo kila hataza ni somo lililoandikwa na mtu aliyelijua jambo lake, na kulisoma ni bure.

Nimesomea uhandisi mitambo, na sehemu ya kazi yangu hapa Dar ni kuwasaidia wenye karakana kuzisoma nyaraka hizi. Kisa kimoja kitatosha kuonesha namna ya kuzisoma.

Fundi mmoja wa Gerezani alianza kuunda mashine za kupukuchua mahindi. Alikuwa amekarabati sana mashine za aina hiyo zinazotoka China, mpaka akaona anaweza kuunda ya kwake yenye bati nene na fremu isiyopinda. Alipouza chache, mwagizaji mmoja wa Kariakoo akamjia juu: mashine ile ina hataza, aache mara moja ama atashtakiwa. Ushahidi wake ulikuwa kibao cha chuma kilichopigwa ubavuni mwa mashine, chenye namba inayoanza na ZL. Fundi akasimamisha kazi, akanitumia picha ya kibao.

Namba za namna hii husema mengi kabla hata hujafungua kompyuta. ZL ni alama ya hataza ya China. Tarakimu nne zinazofuata ni mwaka wa ombi, na hapa ulikuwa 2017. Tarakimu moja inayofuata mwaka ndiyo ya kuangalia kwa makini: 1 ni hataza kamili ya uvumbuzi, 2 ni cheti cha maboresho madogo ya kifaa, 3 ni umbo la nje tu. Ya kwenye kibao ilikuwa 2. Hataza kamili China hudumu miaka 20 tangu siku ya ombi, lakini hiyo ya pili hudumu miaka 10, na hutolewa bila uchunguzi wa kina wa kama jambo lenyewe ni jipya kweli. Kwa hiyo, hata huko kwao, haki ile ingekoma mwaka 2027.

Hatua ya pili ni kuitafuta nyaraka yenyewe. Fungua Google Patents au Espacenet, ondoa ZL, weka CN mbele ya namba, tafuta. Utapata michoro yote, na maelezo ya Kichina yakiwa na tafsiri ya Kiingereza. Halafu angalia sehemu mbili. Ya kwanza ni Legal Events, inayoonesha kama haki bado iko hai. Hataza hulipiwa ada ili iendelee kuishi, na nyingi hufa mapema kwa sababu mwenyewe ameacha kulipa. Kwa nyaraka za China utakuta maneno "Termination of patent right due to non-payment of annual fee". Ukiyaona hayo, haki imekufa hata kama kibao kingali kinang'aa.

Sehemu ya pili ni ile inayoorodhesha nchi nyingine ambako uvumbuzi huohuo umeombewa ulinzi. Hapa ndipo watu wengi hutishwa bure. Hakuna hataza ya dunia nzima. Hataza ya China huzuia China, ya Marekani huzuia Marekani. Ili uvumbuzi ulindwe Tanzania Bara, mwenyewe lazima awe ameuombea BRELA, wakala wa serikali wa usajili, au awe amepitia ARIPO, shirika la kanda lenye makao Harare, na kuitaja Tanzania miongoni mwa nchi anazozitaka. (Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake, kwa hiyo mwenye soko huko aangalie na huko.) Kwenye orodha tafuta herufi TZ, yaani Tanzania, au AP, yaani ARIPO. Ukiona WO tu, hiyo haijawa hataza. Ni ombi la kimataifa linalompa mwenyewe muda wa kuchagua nchi, na kwa kuingia ARIPO muda huo ni miezi 31 tangu tarehe yake ya kwanza. Ikiwa WO ni changa, usikimbilie kusema njia ni nyeupe. Rudi uangalie tena muda huo ukishapita, na uulize BRELA wenyewe, kwa sababu maombi ya ndani si yote yanayoonekana mtandaoni.

Nyaraka ya mashine ile ilikuwa na CN peke yake. Kwa mashine za kuuzwa hapa, tishio lile halikuwa na msingi. Na mwagizaji hakuwa hata mwenye hataza. Alikuwa mteja wa kiwanda kama walivyo wateja wengine. Ukitishwa hivyo, omba kwa heshima uoneshwe cheti kinachotaja Tanzania na jina la mwenye haki.

Hatukuishia hapo, maana nilitaka fundi aisome sehemu ya madai. Madai ndiyo uzio wa hataza, na maelezo mengine yote ni ya kuufafanua uzio huo. Dai la kwanza la mashine ile lilitaja vitu vinne kwa pamoja: ngoma yenye meno yaliyopangwa kwa mzunguko, chujio chini yake, feni ya pembeni, na sinia linalotikisika la kutenga punje na vipande vya magunzi. Mashine ya fundi wetu haikuwa na sinia. Kwa kawaida anayekosa kitu kimoja kati ya vilivyotajwa kwenye dai yuko nje ya dai hilo, isipokuwa ameweka mbadala unaofanya kazi ileile kwa namna ileile. Lakini baada ya kuusoma mchoro alielewa kwa nini sinia liliwekwa, na kwa nini wateja wake walilalamikia uchafu kwenye punje. Elimu hiyo aliipata kwenye nyaraka ileile iliyotumiwa kumtishia. Huo ndio upande wa pili wa mapatano, na unamfikia fundi wa Gerezani kama ulivyokusudiwa.

Kuna jambo moja ambalo hakuruhusiwa, na alikuwa ameshaanza kulifanya: kunakili kitabu cha maelekezo cha kiwanda, picha na michoro yake, ili awape wateja. Hapo tunatoka kwenye hataza na kuingia kwenye hakimiliki, ambayo haifuati mipaka kwa namna ileile. Kazi za wageni hulindwa hapa bila kusajiliwa, kupitia mikataba ambayo Tanzania imo. Hakimiliki hailindi wazo wala namna ya kufanya jambo. Hulinda maandishi na mchoro wenyewe. Kwa hiyo pima mashine kwa mkono wako, chora upya, andika maelekezo kwa Kiswahili chako. Jina na nembo ya kiwanda navyo usiviguse.

Nikiupima uzani wa mapatano haya, naona upande wa hataza una usawa kuliko wa hakimiliki. Sheria yetu ya Hataza ya mwaka 1987 iliandikwa kwa busara: miaka 10 kwanza, kisha nyongeza ya miaka 5 mara mbili, na anayeomba nyongeza aoneshe kwamba uvumbuzi unatumika kiwandani hapa nchini, au atoe sababu ya msingi ya kutotumika. Anayetaka kuzuia lazima naye alete kitu. Hakimiliki, kwa Sheria ya mwaka 1999, hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa riwaya naweza kuvumilia. Kwa kitabu cha maelekezo cha mashine ambayo itakuwa chuma chakavu kabla ya miaka 20, muda huo haumtuzi yeyote, unafungia maarifa tu.

Mfano unaoonesha mapatano yakifanya kazi hadi mwisho ni wa printa za kuchapa vitu vya plastiki tabaka kwa tabaka. Scott Crump wa Marekani aliombea hataza mwaka 1989, akapewa mwaka 1992, namba US 5,121,329. Kampuni yake, Stratasys, ikajengeka juu ya haki hiyo, na mashine ziliuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Miaka 20 ilipotimia mwaka 2009, watu walikuwa tayari. Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath alikuwa ameanzisha mradi wa RepRap mwaka 2005, na michoro yake ilikuwa wazi kwa kila mtu. Mara printa za chini ya dola 1,000 zikaanza kuuzwa, na leo vijana wa Dar wanachapa gia za vyerehani kwa kutumia vizazi vya mashine hizo. Ila angalia kikomo: chumba cha joto kinachozuia kitu kisijikunje kikiwa kinachapwa kilikuwa na hataza nyingine, iliyokoma mwaka 2021. Mashine moja inaweza kubeba haki kadhaa zenye tarehe tofauti. Hesabu kila moja.

Sasa fundi wetu amebuni chujio lenye mashimo yanayobadilishwa kulingana na ukubwa wa punje, bila kuishusha ngoma. Anataka naye alindwe, na nadhani ana haki ya kutaka hivyo. Kulificha hakuwezekani, kwa sababu mnunuzi wa kwanza akifungua boliti nne ameliona. Hataza kamili inadai hatua ya kivumbuzi, yaani kitu ambacho fundi mzoefu asingekifikia kirahisi, na pengine chujio hili haliifikii hatua hiyo, kwa hiyo nimemshauri aombe cheti cha uvumbuzi mdogo, ambacho hudumu muda mfupi lakini masharti yake ni mepesi. Akiwa na mpango wa kuuza Kenya au Uganda, tarehe ya ombi la hapa inampa miezi 12 ya kuomba huko, au kupitia ARIPO kwa ombi moja, bila mtu mwingine kumtangulia.

Alitaka kulipeleka chujio kwenye maonesho ya Sabasaba kwanza, apime soko. Nikamwambia hapana. Jambo likishaoneshwa kwa umma si jipya tena, na misamaha iliyopo ni finyu mno kuitegemea. Video moja ya simu kwenye mtandao inatosha kuliua ombi. Tumekubaliana mashine aliyonayo aiuze kama ilivyo, na lile chujio likae kabatini hadi BRELA watakapompa namba na tarehe ya ombi. Kwa sasa anaandika dai lake la kwanza, na kazi ngumu imekuwa kulifupisha: kila kitu anachoongeza kwenye dai kinampunguzia eneo, kwa sababu jirani yake atakuja kukiacha kimojawapo, kama yeye alivyoliacha sinia.