Moto umepita wapi? Maswali yenu kuhusu ramani za maeneo yaliyoungua

Nina picha mbili za setilaiti ya Sentinel-2 za Mlima Kilimanjaro, moja ya kabla ya moto na moja ya baada. Nianzie wapi? (Moshi)

Hakikisha zote mbili ni za daraja la L2A, yaani zilizoondolewa athari za angahewa, kisha fungua folda ya R20m na uchukue mafaili mawili tu, B8A na B12. Yote yana pikseli za mita 20, hivyo huhitaji kubadilisha ukubwa wa chochote. B8A hupima mwanga wa infraredi ya karibu, ambao jani bichi huurudisha kwa wingi. B12 hupima infraredi ya mawimbi mafupi, ambayo maji ya ndani ya jani huimeza. Moto ukipita, majani hayapo na unyevu umekauka: B8A inashuka, B12 inapanda. Uwiano wa kuungua, NBR, unashika mambo hayo mawili kwa pamoja:

```
NBR  = (B8A - B12) / (B8A + B12)
dNBR = NBR_kabla - NBR_baada
```

Chukua pikseli moja ya vichaka kati ya Mandara na Horombo, upande ulioungua Oktoba 2020. Tuseme kabla ya moto B8A ni 0.28 na B12 ni 0.12. NBR yake ni 0.16 gawanya kwa 0.40, yaani 0.40. Baada ya moto B8A imeshuka hadi 0.12 na B12 imepanda hadi 0.20, kwa hiyo NBR ni -0.25. Tofauti, yaani dNBR, ni 0.65. Usigeuze mpangilio: ukitoa kabla kutoka kwenye baada, palipoungua patakuwa hasi, na vipimo vya ukali utakavyovikuta vimeandikwa kwingine havitakufaa.

Nimefanya hivyo hivyo kwenye QGIS, lakini hata palipobaki mkaa mtupu sivuki 0.45. Kosa ni nini? (Arusha)

Soma jina la picha, utafute herufi N ikifuatiwa na tarakimu nne, yaani toleo la uchakataji. Picha za N0400 na kuendelea zimeongezewa 1000 kwenye kila thamani, utaratibu ulioanza Januari 2022. Usidhani picha za zamani zimepona, kwa sababu nyingi zimechakatwa upya na sasa zinapakuliwa kama N0500. Juu ya mstari wa mgawanyo ile 1000 inajifuta yenyewe, ila chini zinabaki 2000 za ziada, na uwiano unasinyaa. Kwenye faili 0.28 huandikwa 2800, hivyo pikseli yetu ya juu itasomeka 3800 na 2200 kabla, 2200 na 3000 baada, na dNBR itatoka 0.42 badala ya 0.65. Kwenye Raster Calculator andika hivi:

```
("B8A@1" - "B12@1") / ("B8A@1" + "B12@1" - 2000)
```

Hatari kubwa zaidi ni kuchanganya, picha ya kabla ikiwa N0214 na ya baada N0500. Hapo hata kichaka ambacho hakikuguswa kitashuka kutoka 0.40 hadi 0.27, na ramani itakuambia mlima mzima umeungua kidogo. Ukiona ukungu wa rangi moja hadi kwenye mashamba ya migomba, anza kukagua hapo.

Ramani yangu inasema Kibo ndiko kulikoungua kuliko kote. Kule hakuna hata cha kuungua! (Marangu)

Ni theluji iliyoyeyuka. Theluji hurudisha infraredi ya karibu kwa wingi na kumeza ile ya mawimbi mafupi, hivyo NBR yake hufika 0.8. Kama ilianguka kabla ya picha ya kwanza na ikayeyuka kabla ya ya pili, unabaki na mwamba wenye NBR karibu na sifuri. Tofauti inakuwa 0.8, kubwa kuliko ya msitu ulioteketea. Faili la SCL, lililomo kwenye folda hiyo hiyo ya R20m, huipa kila pikseli namba ya aina yake, na theluji ni namba 11. Ondoa pikseli zote zenye 11 katika picha yoyote kati ya mbili, kisha ulinganishe na ramani ya mwinuko. Kibanda cha Kibo kipo mita 4,720, jangwani kabisa. Alama ya moto juu ya hapo ina kesi ya kujibu.

Na mawingu? Picha yangu ya baada imefunikwa upande wa msitu. (Moshi)

Kwenye SCL ondoa namba 8, 9 na 10, ambazo ni mawingu. Namba 3, kivuli cha wingu, iendee taratibu: eneo lililotoka kuungua ni jeusi, na mara nyingine huandikwa 3, au 2, au hata 6 ambayo ni maji. Ukifuta 3 zote kwa mkupuo unaweza kufuta moto wenyewe. Weka B12, B8A na B04 kwenye nyekundu, kijani na bluu, uangalie kwa macho. Kivuli kina wingu lake pembeni na ni cheusi kwenye bendi zote, wakati palipoungua panaelekea wekundu kwa sababu B12 imepanda.

Nyasi ziliteketea zote huku kwetu, nimekanyaga majivu mwenyewe. Ramani inasema "ukali mdogo". Nimwamini nani? (Monduli)

Amini miguu yako. Madaraja yanayotumika sana huanza kuhesabu kuungua kwenye 0.10, huita 0.10 hadi 0.27 ukali mdogo, na zaidi ya 0.66 ukali mkubwa. Yalitokana na misitu ya Marekani, ambako kabla ya moto mti ni mbichi na NBR iko juu. Nyasi za kiangazi zimeshakauka hata kabla kiberiti hakijawashwa. Tuseme B8A ni 0.24 na B12 ni 0.22: NBR ni 0.04 tu. Baada ya moto zinakuwa 0.12 na 0.17, NBR ikawa -0.17. Kila jani limekwisha, lakini dNBR ni takriban 0.22 tu, kwa sababu hapakuwa na ubichi wa kupoteza. Kwenye nyasi, basi, achana na majina ya ukali. Tafuta tu mpaka kati ya palipoungua na pasipoungua.

Mpaka huo uupate mwenyewe. Chora vipande kadhaa ambavyo una hakika vimeungua na vingine ambavyo una hakika havikuungua, vyote vya nyasi za aina moja, kisha usome dNBR zake. Kama visivyoungua vina wastani wa 0.04, hayo ni mabadiliko ya msimu, kwa hiyo toa 0.04 kwenye ramani nzima kwanza. Halafu weka mpaka pale makundi mawili yanapoachana. Mahindi yaliyovunwa kati ya picha mbili nayo hupanda kama moto, ila umbo huyaumbua: shamba lina kingo zilizonyooka, moto wa nyasi una ndimi. Pia usichelewe. Upepo hupeperusha majivu, mvua ikigusa nyasi huchipua, na ndani ya wiki chache alama imefifia. Sentinel-2 hupita kila baada ya siku tano, kwa hiyo chukua picha ya kwanza safi baada ya moto kuzima.

Hektari nazihesabuje? (Arusha)

Baki kwenye mfumo wa ramani wa EPSG:32737 unaopima kwa mita, ambao ndio picha huja nao kwa Kilimanjaro, Meru na Monduli. Ukiihamishia EPSG:4326 pikseli zitapimwa kwa digrii na hesabu itaharibika. Pikseli ya mita 20 ni mita za mraba 400, kwa hiyo 25 ni hektari moja. Moto ule wa 2020, uliotajwa kuwa wa takriban kilomita za mraba 95, ungekuwa pikseli 237,500. Kabla ya kuhesabu, pitisha zana ya QGIS iitwayo Sieve kuondoa vipande vya pikseli chache. Halafu hesabu mara mbili, kwa mpaka wa 0.10 na wa 0.15, uandike majibu yote mawili. Yakipishana sana, mpaka wako bado haujakaa sawa. Pikseli zilizofunikwa na mawingu zitaje peke yake kama eneo lisiloonekana, usiziingize kwenye hesabu ya pasipoungua.