Mapigo ya Moyo Yakipanda Wiki ya Mwisho Kabla ya Hedhi

Wiki moja hivi kabla ya hedhi, wengi wetu tunaovaa saa za mazoezi huamka na kukuta saa inalalamika. Mapigo ya moyo ya usiku yamepanda, ile namba inayoandikwa HRV imeshuka, na saa inakushauri upumzike ilhali jana hukufanya lolote la kukuchosha. Mimi hukimbia msitu wa Karura na wenzangu Jumamosi asubuhi, na swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni hilo: je, naumwa, au nimezidisha mazoezi? Mara nyingi si hili wala si lile. Yai limeshatoka, na mwili unafanya kazi yake ya nusu ya pili ya mwezi.

Ukilielewa jambo hili utaacha kuhangaika bure. Tena, siku mwili utakapokuwa na shida ya kweli, utaiona mapema zaidi.

Tuanze na namba zenyewe. Mapigo ya mapumziko ni idadi ya mapigo kwa dakika ukiwa umetulia, na kipimo cha kuaminika zaidi ni kile saa inachochukua ukiwa usingizini. HRV ni kitu kingine: hupima jinsi nafasi kati ya pigo na pigo zinavyopishana. Hata moyo ukipiga mara 60 kwa dakika, nafasi kati ya pigo na pigo hazilingani: moja yaweza kuwa milisekunde 970, inayofuata 1,030, nyingine 990. Ukiwa umepumzika, kupishana huko huwa kukubwa, kwa sababu neva ya vagasi, ambayo ndiyo breki ya moyo, inakaza na kulegeza kila unapovuta na kutoa pumzi. Breki hiyo ikilegea, moyo unaenda mbio kidogo na nafasi zinakaribiana. Ndiyo maana namba hizi mbili huenda kinyume: moja ikipanda, nyingine hushuka.

Sasa hedhi inaingiaje hapo? Siku ya kwanza ya mwezi ni siku damu inapoanza. Kuanzia hapo hadi yai kutoka ndiyo nusu ya kwanza: homoni inayotawala ni estrojeni, na kipindi hicho breki hushika vizuri. Mapigo huwa chini kabisa siku za mwisho za hedhi na zile zinazofuata. Yai likishatoka, kifuko kilichokuwa kimelibeba hubaki kwenye ovari na kuanza kutengeneza projesteroni. Homoni hiyo huongeza joto la mwili kwa kiasi cha nyuzi 0.3 hadi 0.5, huharakisha pumzi kidogo, na breki ya moyo hulegea. Matokeo yake, mapigo ya usiku hupanda, kwa wengi mawili hadi manne kwa dakika, na HRV hushuka. Projesteroni hufika kileleni wiki moja hivi baada ya yai kutoka. Kama mimba haikutunga, inaporomoka, damu inakuja, na mapigo yanaanza kushuka siku ile ile au siku moja mbili kabla.

Shida ni jinsi saa nyingi zinavyofanya hesabu. Zinachukua wastani wa wiki kadhaa zilizopita, nusu ya kwanza na nusu ya pili zikiwa zimechanganywa, kisha zinaulinganisha usiku wa jana na mchanganyiko huo. Kwa hiyo kila mwezi utasifiwa baada ya hedhi na kukemewa kabla yake, hata kama hujabadilisha kitu.

Dawa yake ni kulinganisha nusu ya kwanza na nusu ya kwanza ya mwezi uliopita, na nusu ya pili na ya pili. Mimi hutumia daftari. Nachukua usiku tano kuanzia siku ya nne ya hedhi, kwa sababu siku za mwanzo maumivu ya tumbo huvuruga usingizi na mapigo bado yanashuka. Halafu hedhi inayofuata ikifika, nahesabu kurudi nyuma na kuchukua usiku wa tano hadi wa tisa kabla yake. Kuhesabu kurudi nyuma ndiyo siri ya jambo lote. Nusu ya pili kwa kawaida haibadiliki sana kwa mwanamke mmoja, huwa siku 12 hadi 14 hivi. Inayorefuka na kufupika ni nusu ya kwanza, kwa hiyo anayetegemea "siku ya 21" ya kalenda anaweza kuangukia mahali tofauti kila mwezi. Katika usiku hizo tano sichukui wastani. Nazipanga namba kutoka ndogo hadi kubwa na kuchukua ya katikati, ili usiku mmoja mbaya usiniharibie hesabu.

Niwape mfano wa mdogo wangu, ambaye ameniruhusu. Anaishi Umoja, anakimbia mara tatu kwa wiki, na hatumii mpango wa uzazi wa homoni. Usiku wake tano baada ya hedhi zilisoma 54, 55, 53, 54, 54. Ya katikati ni 54. Nusu ya pili zikasoma 57, 58, 64, 57, 58. Ile 64 ni usiku aliotoka harusini Kiambu, amekula nyama choma saa nne usiku na kunywa bia mbili. Pombe na chakula cha usiku sana hupandisha mapigo kuliko homoni zote za mwezi. Tukizipanga, ya katikati ni 58. Tofauti yake basi ni mapigo manne. HRV ilitoka 62 ikawa 54. Miezi miwili iliyofuata ilikaribiana sana na huo wa kwanza, na hapo ndipo tukasema hii ndiyo kawaida yake.

Kwa hiyo aliponipigia akisema, "Dada, saa inasema sijapumzika, nami nililala mapema," nilimuuliza kitu kimoja tu: namba ni ngapi? Ikiwa 58 wiki ile, hakuna neno, endelea na mazoezi. Uwezo wa kukimbia kati ya nusu hizi mbili hautofautiani kwa kiasi cha kumfanya mtu afute ratiba yake. Ila katika mbio nyepesi mapigo yanaweza kuwa juu kidogo kuliko ulivyozoea, basi nenda kwa pumzi: kama unaweza kuongea na mwenzako bila kukatika, mwendo ni sawa.

Kisha ukaja mwezi ambao namba ilisoma 63, usiku wa pili ikawa 65. Saa ilitoa onyo lile lile la kila mwezi, maneno yale yale. Kwa anayetazama onyo pekee, hakuna kilichobadilika. Lakini tulikuwa na 58 ya kulinganisha, na hakukuwa na harusi wala bia. Mapigo matano na zaidi juu ya kawaida ya nusu ile ile, usiku mbili mfululizo, hayaelezeki kwa projesteroni. Nilimuuliza alikuwa wapi siku za karibuni. Alikuwa ametoka Kisumu kwa shangazi yetu, siku kumi na kitu zilizopita, na hakulala kwenye chandarua. Jioni hiyo alianza kusikia baridi na viungo kuuma. Kliniki ya mtaani wakamtoboa kidole, ikawa malaria, akapewa dawa za AL za siku tatu.

Saa haipimi malaria, na mtu asije akaitegemea hivyo. Homa yoyote hupandisha mapigo, takriban kumi kwa kila nyuzi moja ya joto. Kilichosaidia ni kwamba tulijua 63 si yake, kwa hiyo hakungoja kuona kama itapita hedhi ikija. Wengi hungoja, kwa sababu wamezoea kuambiwa kila kitu ni "homoni."

Kuna wale ambao mpangilio huu hautawahusu. Ukitumia sindano ya miezi mitatu, yai halitoki, kwa hiyo hakuna nusu ya pili ya kutafuta. Mstari wako utakuwa umenyooka na hilo si ugonjwa. Vidonge vya kila siku vyenye homoni mbili huufifisha mpangilio vivyo hivyo. Kipandikizi cha mkononi, kwa wengi, nacho huzuia yai. Koili ya shaba ni tofauti: haina homoni, mwezi unaendelea kama kawaida, na kupanda na kushuka utakuona. Anayefanya kazi za usiku, kama wauguzi na walinzi, atapata namba zinazorukaruka kwa sababu ya usingizi wa mchana, hivyo alinganishe wiki za zamu na wiki za zamu. Na ukitoka Mombasa kurudi Nairobi, ambako tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, usiku wa kwanza au wa pili ziweke alama usizihesabu.

Usilinganishe pia namba yako ya HRV na ya rafiki mwenye saa ya aina nyingine. Baadhi ya saa hupima tofauti ya nafasi moja kati ya mapigo na nafasi inayofuata, kipimo kiitwacho RMSSD, na nyingine hupima mtawanyiko wa nafasi zote kwa pamoja, yaani SDNN. Ni vipimo viwili, havibadilishani. Lakini jambo ninalolikazia sana ni hili: namba hizi hazifai kuzuia mimba. Unapokuja kuwa na hakika kwamba mapigo yamepanda, yai limeshatoka, na siku za hatari zilianza siku kama tano kabla yake.

Mambo matatu ningependa uyapeleke kwa daktari ukiyaona, ukiwa na daftari mkononi. La kwanza, hutumii homoni yoyote, unapata damu, lakini miezi mitatu mapigo hayapandi hata kidogo nusu ya pili. Huenda yai halitoki, ingawa saa peke yake haithibitishi. Kipimo cha damu cha projesteroni, kinachochukuliwa wiki moja hivi kabla ya hedhi inayotarajiwa, ndicho hujibu. La pili, namba za juu zinagoma kushuka na hedhi haijafika siku yake. Anza na kipimo cha mimba cha duka la dawa.

La tatu ndilo linalopita kimyakimya. Angalia zile namba za chini, za baada ya hedhi, mwezi baada ya mwezi. Mdogo wangu hukaa 54. Kama zake zingekuwa 54, kisha 57, kisha 60, huku tofauti ya nusu mbili ikibaki manne, saa isingelalamika, kwa kuwa wastani wake ungekuwa unapanda naye polepole. Kwa mwanamke anayetoka damu nyingi, anayelowesha pedi kila saa moja au mbili au kuona mabonge, kupanda huko kunaweza kuwa upungufu wa damu: moyo unapiga zaidi ili kusafirisha oksijeni ileile kwa damu hafifu. Omba upimwe himoglobini na madini ya chuma, na umwonyeshe daktari safu ya namba za chini kwanza.