Kurudisha dashibodi ya jana kwa amri mbili

"Dashibodi yetu ya mauzo inajisasisha yenyewe usiku kwa cron. Juzi data ilikuja nusu, asubuhi wakubwa wakakuta sifuri. Nairudishaje ya jana haraka?"

Ndugu, tatizo ni kwamba skripti inaandika juu ya faili zilezile, kwa hiyo ya jana inakuwa imeshafutika. Acha kila usiku iunde folda mpya yenye tarehe, ndani yake ukurasa pamoja na data yake ya JSON. Kisha seva isome kiungo kimoja tu, tukiite `sasa`, kinachoelekeza kwenye folda iliyo hewani. Kurudi nyuma kwenye Linux ni hivi:

```
ln -s matoleo/2025-03-13 mpya
mv -T mpya sasa
```

Natumia `mv -T` kwa sababu inabadilisha kiungo kwa mpigo mmoja. `ln -sfn` kwenye baadhi ya mifumo, hasa ya zamani, hukifuta kwanza ndipo ikiunde upya, na anayefungua ukurasa katikati hapo anaweza kukuta kosa.

Kabla ya kuhamisha kiungo, skripti ilinganishe idadi ya mistari na ya jana. Ikipungua kupita kiasi, isimame na kutuma ujumbe, ya jana ibaki hewani. Ukurasa uonyeshe pia tarehe ya data, mtu asidhani ya jana ni ya leo.

Angalia jambo moja: kama ukurasa unavuta namba moja kwa moja kutoka hifadhidata, kiungo hakitakusaidia. Hapo hifadhi jedwali la jana kwa jina lingine. Matoleo saba yanatosha; ya zamani zaidi yafute.